Nilinakili ratiba ya anayeshika namba moja, nikaanguka kwenye moko

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne, shule ya kutwa, naishi Mbagala na mama na wadogo zangu wawili. Nataka kuwa muuguzi. Mwezi wa tatu nilimwomba msichana anayeshika namba moja darasani kwetu anipe ratiba yake. Hakuninyima, nikainakili yote kwa kalamu nyekundu na bluu kama yake, nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Yeye anakaa hosteli. Anaamka saa tisa usiku anasoma hadi saa kumi na moja, mchana anapumzika kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja, halafu anasoma prepo saa moja hadi saa tatu. Siku sita kwa wiki. Kila kipindi saa mbili: Biolojia mara tatu, Historia mara tatu, Kemia mara mbili, Hisabati, Fizikia, Kiingereza na Jiografia mara moja moja.*

*Mwalimu, niliifuata wiki tisa. Wakati wake wa kupumzika mimi nakuwa shuleni au kwenye daladala. Nikifika nyumbani napika, namsaidia mama kukanda unga wa chapati anazouza asubuhi, kwa hiyo prepo yangu ilianza saa tatu nikalala saa tano. Saa tisa kengele ya simu inalia naamka. Darasani nikawa nasinzia mpaka mwalimu wa Kemia akanisimamisha nyuma. Matokeo ya moko yametoka. Hisabati nimetoka 24 nimeshuka 19. Fizikia 34 imekuwa 27. Kemia 41 imekuwa 42. Biolojia 71 imekuwa 73, Historia 52 imekuwa 58. Yeye ameongoza tena. Kinachoniumiza ni Hisabati, nimelia sana. Nimeichana ile ratiba. Je, mimi ni mzito wa kuelewa, au nilitakiwa kukaza zaidi? Novemba si mbali.*

*Binti wa Mbagala*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu umenipa kitu ambacho wanafunzi wengi hawanipi: namba. Umeniwekea vipindi vya ratiba, umeniwekea na alama za kabla na baada. Ziweke namba hizo kando kwa kando uzitazame pamoja na mimi.

Ratiba ile ina vipindi 12 kwa wiki, sawa na saa 24. Nusu yake, yaani vipindi 6, ni Biolojia na Historia. Sasa tazama masomo yako yaliyopanda: Biolojia na Historia. Tazama yaliyopewa kipindi kimoja kimoja: Hisabati na Fizikia, na hayo ndiyo yaliyoanguka. Kemia iliyopewa vipindi viwili imebaki karibu palepale. Ratiba imefanya kazi yake barabara, tena kwa mtu aliyekuwa nusu usingizini. Mtu mzito wa kuelewa hapandi alama 6 za Historia huku akisinzia. Shida ni kwamba imekujengea pale mwenzako alipokuwa na pengo.

Mwanafunzi anayeongoza darasa hatengi saa 6 kwa wiki kwa somo asiloliogopa. Kwa jinsi vipindi vyake vilivyogawanywa, naona Hisabati na Fizikia ziko mkononi mwake, na anachokihofia ni yale masomo yenye maelezo mengi. Kwake kipindi kimoja cha Fizikia ni cha kutunza alichonacho. Wewe uliyekuwa na 34 ulihitaji kujenga, ukapewa muda wa kufagia nyumba ambayo haijaezekwa. Wakati huohuo Biolojia, somo lako bora kuliko yote uliyonitajia, ukaipa saa 6 kila wiki kwa wiki tisa. Hizo ni saa 54 zilizokuletea alama 2.

Sasa nikuambie jambo ambalo barua yako imelipita bila kuligusa. Umelilia Hisabati. Mimi nimesimama kwenye Fizikia.

Unataka uuguzi. Kwa stashahada ya uuguzi na ukunga, miongozo ya udahili ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, imekuwa ikidai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kidato cha nne, na ndani ya hayo manne lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kuwa nyongeza nzuri. Ufaulu hapo maana yake ni kuanzia D, na D ya NECTA inaanzia alama 30 hadi 44. C ni 45 hadi 64, B ni 65 hadi 74, A ni 75 kwenda juu. Mwezi wa tatu ulikuwa na Fizikia 34, yaani D, na mlango wa uuguzi ulikuwa wazi. Kwa 27 hiyo ni F, na mlango umefungwa, hata kama Biolojia ingekuwa 90. Muombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe mwongozo wenyewe, usome ukurasa wa uuguzi kwa macho yako, maana hurekebishwa na utakaokuhusu ni wa mwaka utakaoomba.

Mwenzako huenda anakwenda kwingine kabisa. Ratiba yake ilitengenezwa kutokana na pepa zake na safari yake. Ya kwako itatoka kwenye pepa zako.

Kwa hiyo kabla hujachora mstari wowote wa ratiba mpya, chukua karatasi yako ya Fizikia ya moko iliyosahihishwa. Kama mmezirudisha kwa mwalimu, kaiombe. Kaa nayo saa nzima. Kila pale ulipopoteza alama, andika pembeni herufi moja kati ya tatu: J kama hukujua kabisa, S kama ulijua ukasahau, H kama ulijua na kukumbuka lakini ukakosea kwa haraka.

Nikupe mfano. Swali linasema jiwe lina uzito wa 5 N hewani, likizamishwa lote majini linasoma 3 N. Tafuta kani ya maji inayolisukuma juu, kisha useme jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule. Kani ni 5 − 3 = 2 N. Kani hiyo ni sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe, kwa hiyo jibu la pili ni 5 ÷ 2 = 2.5. Nimesahihisha swali la namna hii miaka mingi, na wanafunzi watatu wanaweza wote kukosa jibu la pili kwa sababu tatu tofauti. Wa kwanza ameacha wazi kwa sababu hajui kwamba uzito uliopungua una uhusiano wowote na maji. Huyo ni J, na hata akikesha na daftari lake peke yake hatatoka, kwa sababu daftari lenyewe halielewi. Anahitaji mwalimu au mwenzake amweleze, ikiwezekana kwa jiwe, uzi na ndoo. Wa pili ameandika 2 N vizuri halafu hakumbuki agawanye nini kwa nini. Huyo ni S, anahitaji kujiuliza swali hilo tena baada ya siku mbili, na tena baada ya wiki. Wa tatu amegawanya 5 kwa 3. Ukimuuliza anakueleza yote sawasawa, ila macho yalikimbilia namba zilizoandikwa kwenye swali. Huyo ni H, dawa yake ni kufanya pepa kwa saa iliyowekwa, akiandika kila hatua.

Ukimaliza, hesabu alama zilizopotea kwa kila herufi. Kwa mtu aliyeamka saa tisa usiku kwa wiki tisa, sitashangaa S ikiwa nyingi kuliko unavyodhani. Vijana wa rika lako wanashauriwa kulala saa 8 hadi 10. Mwenzako nadhani alikuwa analala saa nne hadi saa tisa usiku, halafu anaongeza saa moja na nusu mchana. Ikifika jioni ana saa 6 na nusu, ambazo nazo hazitoshi. Wewe ulikuwa na saa 4. Kusoma kunahitaji usingizi kwa sababu akili hupanga na kukaza yale ya mchana wakati umelala. Ulikuwa unachota maji kwa mikono miwili na ndoo haina kitako. Usiamke tena saa tisa. Hilo sikushauri, nakukataza kama mama.

Kuna kitu kingine ambacho huwezi kukinakili kwenye ratiba ya mtu hata kama ameiandika kwa rangi kumi: kile anachokifanya ndani ya kisanduku kilichoandikwa "Kemia". Hukuniambia wewe ulikuwa unafanya nini, ila saa tisa usiku, taa ndogo, kila mtu amelala, najua wengi hufanya nini. Hufungua daftari na kulisoma tangu juu hadi chini, na wino wa njano unapita juu ya mistari. Ukimaliza unajisikia umeelewa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma kwa vipindi vinne. Kundi lingine lilikisoma kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu likaandika kila lilichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, wakikumbuka asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja wakapinduliwa: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojiuliza wakabaki na 61. Ndiyo sababu usiku unalala ukijiona uko vizuri, na siku ya pepa kalamu inagoma.

Basi kipindi chako kiwe hivi. Dakika 20 za mwanzo, mada moja, soma au fanya mfano mmoja pamoja na kitabu. Kisha funga kila kitu, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka na ufanye maswali bila kuchungulia. Ukikwama, acha nafasi, endelea. Mwisho fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu, na yale mekundu yageuze kuwa maswali kwenye vikaratasi vidogo vya mfukoni. Swali mbele, jibu nyuma. Daladala ya kutoka Mbagala ukipata siti ni mahali pazuri pa kujiuliza vikaratasi kumi. Ukikosa siti, shika bomba, pumzisha kichwa.

Sasa tupime muda wako wa kweli. Kwa siku saba, kabla ya ratiba yoyote, andika ulichofanya kila nusu saa, siyo ulichotaka kufanya. Kwa hayo uliyoniambia, ninakisia utaona hivi: ukimaliza kupika na kukanda unga, unaweza kukaa mezani saa mbili usiku badala ya saa tatu kama mama atakubali kazi moja ihamie kwa mdogo wako anayefuata. Ongea naye akiwa ametulia, jioni akiisha kuhesabu mauzo. Mwonyeshe ile 27, mwambie ndiyo inayokuzuia uuguzi, na umwombe saa moja tu. Akina mama wa chapati wanajua kupiga hesabu ya kinacholipa, hutahitaji maneno mengi.

Ukikaa saa mbili hadi saa tatu na nusu, ulale saa nne kasoro robo na kuamka saa kumi na moja alfajiri, una usingizi wa saa 7 na dakika 15. Hazijafika 8, ila ni karibu mara mbili ya ulizokuwa nazo, na Jumapili unaweza kufidia. Masomo yako yatakuwa saa moja na nusu kwa siku tano, saa 3 Jumamosi, saa 2 Jumapili: jumla saa 12 na nusu. Ni kama nusu ya zile 24. Usiogope. Zile 24 zilikuwa za karatasini.

Saa 12 na nusu hizo, mimi ningezigawa hivi mpaka mwisho wa mwezi ujao. Fizikia saa 4. Unahitaji alama 3 tu kufika 30, lakini usilenge 30, lenga 40, ili siku mbaya isikuue. Kemia saa 3, kwa sababu uko 42 na alama 3 zaidi zinakupa C, na Kemia yako inahitaji zaidi kukumbushwa kuliko kufundishwa upya. Hisabati saa 2 na nusu. Biolojia saa 1 tu, kwa vikaratasi na maswali ya pepa zilizopita. Una 73, na alama 2 za kufika A zitatoka kwenye kujiuliza, siyo kwenye kusoma tena. Saa 2 zinazobaki ni za masomo mengine yote, na Historia ni mojawapo.

Hisabati nisikuache nayo hivihivi, maana umeililia. Umepata 19. Pepa ya NECTA ina maswali 14: sehemu A maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B maswali 4 ya alama 10. Kutoka 19 hadi 30 ni alama 11. Maswali mawili ya sehemu A ambayo leo unapata sifuri, ukiyapata yote, ni alama 12. Kwa hiyo usisome Hisabati yote. Tafuta kwenye karatasi yako mada tatu zilizokupa sifuri ambazo hazina mlolongo mrefu wa mada nyingine nyuma yake. Seti na mfuatano wa namba huwa hivyo kwa wanafunzi wengi. Andaa tatu ili mbili zikubali. Mada inayohitaji kwanza ujue mada nyingine nne usiyoijua hata moja, iache kwa sasa. Najua walimu wa tuisheni watakuambia umalize silabasi. Kwa mwenye 60 ni sawa, kwa mwenye 19 ni kumpotezea miezi.

Kila Jumamosi, ndani ya zile saa 3, tumia saa moja kufanya nusu ya pepa ya Fizikia iliyopita ukiwa na saa mbele yako. Iandikie J, S na H. Hapo ndipo utajua kama ratiba inafanya kazi, hata kabla hujapata alama. J zikipungua na S zikaongezeka, usikate tamaa, maana yake unajifunza vitu vipya vingi ambavyo bado havijakaa. Punguza mada mpya wiki hiyo, ongeza vikaratasi. J zisipopungua kabisa kwa wiki mbili, basi umekuwa ukisoma peke yako kitu kinachohitaji kuelezwa, na kipindi kimoja cha Fizikia kihamie shuleni baada ya masomo, kwa mwalimu. Ratiba nzuri huwa imekatwakatwa na kufutwafutwa. Ile iliyobaki safi wiki tisa ukutani ilikuwa haizungumzi na wewe.

Na yule mwenzako, usimwekee kinyongo, wala usimkimbie. Alikupa alichoombwa. Safari hii muombe kitu kingine: karatasi yake ya Fizikia ya moko. Chagua swali moja uliloandikia J, mkae benchi moja wakati wa mapumziko, akueleze alianza wapi na kwa nini alianza hapo. Dakika 15 zinatosha. Kisha urudi nyumbani, ulifanye lile swali usiku karatasi yake ikiwa haipo.

Jumapili ya pili tangu usome majibu haya, niandikie tena. Nitajie idadi ya J, S na H za Fizikia kwa pepa zote mbili za Jumamosi, na saa ulizolala.

Mwalimu wako